Umemnyamazia Mteja Siku 24: Unaanzaje?

Ujumbe wa mwisho wa mteja wangu ulikuwa neno moja: "Haya." Aliutuma Jumatatu tarehe 16 Juni, usiku. Juu yake palikuwa na jumbe zake nyingine tano, na zote nilikuwa nimezisoma. Tiki mbili za buluu zilimwonyesha kwamba nimezisoma. Anayekijua Kiswahili anajua uzito wa "haya" ya namna ile. Mtu anayeandika hivyo ameacha kukungoja.

Mimi ni fundi samani. Karakana yetu iko Keko, Dar es Salaam, na kazi tunayofanya zaidi ni kabati za jikoni. Mteja ni mwalimu wa sekondari anayejenga Kibaha. Aliniandikia Jumanne tarehe 3 Juni, likizo ikiwa inaanza, akaniuliza mambo matatu. La kwanza, kabati za jiko lake zitagharimu kiasi gani kwa bodi za MDF, na kiasi gani kama milango itakuwa ya mbao za mkongo. La pili, amwambie fundi umeme aweke soketi za jikoni kwenye kimo gani kabla marumaru hazijabandikwa. La tatu, je, kazi inaweza kwisha kabla likizo haijaisha, maana shule zikifunguliwa hataweza tena kushinda kwenye ujenzi.

Nilimjibu Ijumaa tarehe 27 Juni. Zilikuwa siku 24.

Naandika haya kwa sababu najua fundi, mchapaji, mshonaji, mfasiri na mchora ramani wengi wana mteja kama huyu ndani ya simu zao sasa hivi, na kila wakipitisha kidole juu ya jina lake wanaharakisha kwenda jina la chini yake. Ninachoweza kueleza ni jinsi nilivyorudi kwake, neno kwa neno, na nilichojifunza kuhusu maneno yanayorudisha kazi na yale yanayoiua kabisa.

Kwanza, kilichonichelewesha. Swali la soketi ningeweza kulijibu nikiwa nimesimama pale pale kwenye randa. Kaunta ya jikoni kwa kawaida inafika sentimita 90 kutoka sakafuni. Soketi za juu ya kaunta zikae kwenye 110 na hakuna kitakachogombana. Ni mstari mmoja wa kuandika. Swali la likizo nalo lilihitaji kuangalia kalenda ya karakana tu. Lililonikwamisha ni bei ya mkongo, kwa sababu muuza mbao wangu hakuwa na mzigo na aliniambia nisubiri. Nikaona si vizuri kujibu nusu nusu, ngoja nipate yote nimjibu kwa pamoja. Hapo ndipo nilipopotea. Majibu mawili niliyokuwa nayo mkononi yalifungiwa ndani na moja ambalo sikuwa nalo.

Baada ya wiki moja kazi ya kujibu ilibadilika sura. Jibu la siku ya pili linatosha kuwa fupi. La siku ya kumi unaona lazima liwe na bei kamili, mchoro, na maelezo ya ulikokuwa. La siku ya ishirini unaona linahitaji hata zaidi ya hapo. Kila siku unayonyamaza inapandisha kiwango cha jibu unalodhani litakubalika, na kwa sababu hiyo kesho yake ni vigumu zaidi kuliko leo. Mteja yeye hana habari na mzigo huo. Anachotaka bado ni kile kile cha tarehe 3.

Nilipoamua kuandika, rasimu ya kwanza ilinijia haraka sana. Nainukuu yote, kwa sababu naamini kila mmoja wetu amewahi kuituma:

"Habari za siku nyingi mama. Samahani kwa kuchelewa kujibu, nilibanwa sana na kazi, mambo yakaingiliana. Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza. Vipi, bado unahitaji zile kabati?"

Inasikika ya heshima. Lakini hebu tuifungue kama unavyofungua droo iliyogoma, tuone inakwama wapi.

Anza na "usumbufu wowote uliojitokeza". Hii ni sentensi ya matangazo ya maji kukatika. "Uliojitokeza" maana yake ni kwamba usumbufu ulitoka wenyewe, kama uyoga baada ya mvua, hakuna aliyeuleta. Na "wowote" maana yake ni kwamba sijui kama kweli ulikuwapo. Mwalimu huyu alikuwa amesimama Kibaha na fundi umeme anayemdai jibu, halafu namwambia kwamba kama kuna usumbufu, basi pole. Kiswahili kinatupa njia nyingi za kumficha mtenda: jibu limechelewa, mambo yameingiliana, usumbufu umejitokeza. Katika kuomba radhi, njia zote hizo ni za kukimbia. Kuna tofauti kubwa kati ya "jibu limechelewa" na "nimechelewa kukujibu", na mteja huisikia hata kama hawezi kukueleza ni ya nini.

Kisha "nilibanwa sana na kazi". Kwa mteja sentensi hiyo ina maana moja tu: kulikuwa na kazi za watu wengine, nazo zilikuwa muhimu kuliko yako. Labda ni kweli. Lakini unamwambia hivyo katika saa ile ile unayotaka akurudishie imani. Na kama katika siku hizo 24 uliweka stetasi ya picha ya kitanda ulichomaliza kwa mtu mwingine, kama nilivyofanya mimi mara mbili, basi alishaijua sababu kabla hujaitaja.

Mwisho, "bado unahitaji zile kabati?" Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote, ingawa linaonekana la upole. Mtu aliyekungoja siku 24 unampa kazi ya kufanya: aanze yeye kukueleza upya amefikia wapi. Ujumbe mzima hauna hata kitu kimoja alichokiomba. Jibu rahisi kwake ni kutojibu.

Mwaka 2016 Roy Lewicki wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, na wenzake wawili, Beth Polin na Robert Lount, walichapisha utafiti kuhusu vipande vinavyounda ombi la radhi. Walivitaja sita: kueleza kusikitika, kueleza kilichotokea, kukiri kuwa kosa ni lako, kuahidi kutorudia, kujitolea kurekebisha, na kuomba usamehewe. Watu waliosoma kisa cha mhasibu aliyekosea ritani ya kodi ya mteja walipima uzito wa kila kipande. Kilichoongoza ni kukiri kosa. Kilichofuata ni kujitolea kurekebisha. Cha mwisho kabisa kilikuwa kuomba usamehewe. Ule ni utafiti wa maneno kwenye karatasi, na sauti na uso wa mtu vinaweza kuongeza au kupunguza. Hata hivyo ulinisaidia kuiona rasimu yangu vizuri: nilikuwa nimejaza vipande vyepesi na kuviacha nje vile viwili vizito.

Hili la kuomba usamehewe linahitaji kusemwa zaidi, kwa sababu kwetu ndilo linalotangulia. Mtu akikuambia "naomba unisamehe", adabu inakulazimisha kujibu "usijali" au "haina shida". Umemsamehe kwa sababu hakukupa nafasi nyingine. Moyoni shida bado iko pale pale, ila sasa hana tena pa kuisemea. Ndiyo maana naona neno "niwie radhi" lina busara kubwa kuliko "nisamehe". Radhi ni kuridhika. Unamwomba mtu aridhike nawe, na kuridhika hakuji kwa maneno, kunakuja akishaona kitu.

Kwa hiyo nikaifuta rasimu na kurudi nyuma kusoma mazungumzo yote tangu tarehe 3. Hatua hii inauma, lakini haina mbadala. Nilichukua karatasi nikaandika kila alichouliza na kila alichokuwa amenitumia. Hapo ndipo nilipoiona picha ya tarehe 11 Juni. Alikuwa amepiga ukuta wa jiko na kuandika chini yake: "Fundi, marumaru wanabandika leo. Umeme wameshaweka. Naomba jibu." Ile siku niliitazama picha nusu sekunde nikaifunga. Sasa niliikuza.

Marumaru za ukutani zilikuwa za sentimita 30 kwa 60, zimelazwa, maana yake kila safu inapanda sentimita 30. Nikahesabu safu tatu kamili kutoka chini: 90. Soketi mbili zilikuwa chini kabisa ya safu ya nne, katikati yake zikiwa kama sentimita 5 juu ya mstari. Kwa hiyo zilikuwa kwenye 95. Soketi ya kawaida ina kimo cha karibu sentimita 9, nusu yake nne na nusu, hivyo ukingo wake wa chini ulikuwa kwenye 90 na nusu. Ukiweka kaunta ya 90, soketi inakaa juu ya granaiti kabisa, nusu sentimita tu kutoka pale ambapo maji ya sinki husambaa. Fundi umeme alikisia, kwa sababu mimi sikusema. Na marumaru zilikuwa zimekauka.

Sasa nilikuwa nalijua kosa langu lilivyo. Halikuwa "kuchelewa kujibu". Lilikuwa soketi mbili mahali pasipofaa na wiki tatu na zaidi za likizo ya mwalimu zilizokwenda bure. Huwezi kuomba radhi ya kitu usichokijua, na ndiyo maana radhi nyingi za wateja zinasikika kama matangazo: aliyeandika hakurudi kuangalia ucheleweshaji wake uliangukia wapi.

Kurekebisha kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kung'oa marumaru mbili, kupandisha soketi hadi 110, na kubandika upya, kwa gharama yangu. Ya pili ni kushusha kaunta hadi 85. Kabati ya chini ina sehemu tatu za kimo: kitako, sanduku, na granaiti. Sanduku langu lina sentimita 72, granaiti na matandiko yake 3, kitako 15, jumla 90. Nikipunguza kitako kiwe 10, kaunta inashuka hadi 85 na soketi inapumua sentimita tano na nusu. Hakuna kinachong'olewa. Lakini kaunta ya 85 inamfaa mtu fulani na kumuumiza mgongo mwingine. Kipimo tunachotumia ni kiwiko: simama wima, kunja mkono, pima kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko, kisha toa sentimita 10 hadi 15. Hapo ndipo kaunta yako inapopaswa kuwa.

Nikampigia muuza mbao nikapata bei ya mkongo kwa dakika nne. Nikapiga hesabu ya bodi, zikawa 9. Kisha nikaandika hivi:

"Shikamoo mama. Uliniuliza maswali matatu tarehe 3 Juni, nikayasoma na sikukujibu kwa siku 24. Kosa ni langu. Kwa sababu yake fundi umeme alikisia kimo cha soketi, na likizo yako imekwenda bila kazi kuanza.

Majibu yako ni haya. Bei: bodi za MDF kote 3,900,000, ukitaka milango ya mkongo 5,600,000. Muda: siku 18 za kazi tangu kupima, kwa hiyo kabla ya shule kufunguliwa haiwezekani tena, lakini naweza kupanga kufunga siku za Jumamosi ili uwepo.

Soketi: nimeitazama picha yako ya tarehe 11, zimekaa kwenye 95, chini mno kwa kaunta ya kawaida. Ama nizipandishe kwa gharama yangu, ama nishushe kaunta iwe 85. Naomba kitu kimoja tu: simama bila viatu, kunja mkono, pima toka sakafuni hadi kwenye kiwiko, unitumie namba. Nitakuambia ipi inakufaa.

Kesho saa 10 jioni nitakupigia. Kama hupendi nikupigie, niandikie tu."

Tazama vitu ambavyo havimo. Hamna sababu ya kuchelewa. Sababu inaingia tu kama inambadilishia mteja kitu mbele ya safari. Kama randa ingekuwa imeharibika na kazi yake itachelewa tena, ningepaswa kusema. Habari ya muuza mbao isingemsaidia chochote. Ugonjwa na msiba ni jambo jingine. Kama ulifiwa, sema kwa sentensi moja, na uiweke mwisho, baada ya majibu. Ukianza nayo, mteja anawajibika kukupa pole, na baada ya pole hawezi tena kukuambia kwamba umemharibia. Na msiba wa kutunga usiuguse kabisa. Wateja wameshauziwa misiba mingi ya uongo na mafundi, na wenye misiba ya kweli ndio wanaolipa.

Hamna punguzo la bei pia. Wengi hukimbilia hapo: "nitakupunguzia asilimia 10 kwa usumbufu." Mimi naliona kosa. Mteja hakuumizwa na bei, kwa hiyo punguzo haliponyi mahali palipoumia, na tena linamfanya ajiulize kama bei ya kwanza ilikuwa ya kweli. Fidia ikae juu ya jeraha lenyewe. Jeraha lilikuwa soketi. Fidia ni soketi. Ila kama ulikuwa umeshamtajia bei na ikapanda ndani ya ukimya wako, tofauti hiyo ni yako kuibeba, na uiseme waziwazi.

Wala hamna advansi. Kuomba hela ndani ya ujumbe wa radhi ni kumwonyesha kilichokukumbusha jina lake.

Kilichomo, ambacho wengi huacha, ni ombi dogo sana. Kazi iliyolala haiamshwi na "tuendelee?" kwa sababu hilo ni swali kubwa: ndani yake kuna fedha, imani na hasira yake yote. Kupima kiwiko kunachukua nusu dakika, hakumfungi na chochote, na akishanitumia namba tumeshaanza kufanya kazi pamoja.

Kuna wanaosema ungepiga simu tu. Kwa kuchelewa kwa siku mbili tatu, ndiyo, simu inatosha. Kwa wiki tatu naona ujumbe utangulie. Ukimpigia ghafla, mteja analazimika kukujibu kabla hajajua anahisi nini, na watu wetu wengi wakibanwa hivyo huchagua adabu. Ujumbe unampa nafasi ya kukasirika peke yake, kumsomea mume au dada yake, kisha akakukuta kwenye simu akiwa na lake la kusema. Tena maandishi yana tarehe na bei ambazo anaweza kurudi kuzitazama. Ujumbe wa sauti wa dakika nne, ambao mafundi tunaupenda, ni mbaya kuliko vyote: ni vigumu kuuruka na kutafuta bei ndani yake. Kwa mteja aliye mbali, kama wale walioko Maskati wanaojenga Unguja na kutegemea simu kama macho yao, ujumbe ulioandikwa na kupangwa vizuri ni wa lazima.

Alijibu Jumamosi asubuhi. "Nimeona. Kiwiko ni 97. Lakini kuna fundi mwingine nimeshaongea naye, anakuja leo kupima."

Hapa ndipo pengine watu huharibu mara ya pili, kwa kumsema vibaya fundi mwingine au kwa kubembeleza. Nilijibu ndani ya dakika kumi: "Sawa mama, ni haki yako. Kwa kiwiko cha 97 kaunta ya 85 inakufaa, soketi zisiguswe. Mwambie fundi huyo kitako kiwe sentimita 10 badala ya 15, asije akakuwekea 90. Mimi nipo ukinihitaji." Nilimpa jibu lenye thamani bila sharti. Kama angebaki na yule mwingine, angalau madhara yangu yangekuwa yamezibwa, na hilo ndilo nililokuwa ninamdai nafsi yangu.

Saa 10 jioni nilipiga simu kama nilivyoandika. Alipokea. Mwanzo alisema mambo makali, na yote yalikuwa ya kweli. Nilijibu "ndiyo mama" na sikueleza kitu. Kisha akasema yule fundi amepima lakini alipotajiwa kitako hakuelewa anaambiwa nini. Akaniambia nije Jumapili.

Ni vizuri kujua jinsi ya kutambua kama mteja amerudi au amekuaga. "Usijali fundi, nitakutafuta" ni kwaheri, na anayeichukulia kama msamaha atangoje mpaka Krismasi. "Hamna shida" bila swali lolote baada yake ni vilevile. Mteja anayerudi huuliza, hukasirika, hutaja tarehe, hubishia bei. Makali ya simu ile yalinipa tumaini kuliko "usijali" yoyote.

Ukiona amekuaga, mwandikie mara moja tu zaidi, umpe kile kitakachomsaidia kwa fundi mwingine, kisha nyamaza. Jumbe tatu za kukumbushia kutoka kwa mtu aliyenyamaza siku 24 ni dharau.

Jumapili nilifika Kibaha saa 4 asubuhi na futi kamba. Jiko lina umbo la herufi L, mita 3.6 upande wa dirisha na 2.4 upande wa pili. Nilipomaliza kupima akaniuliza swali ambalo nilijua litakuja: "Nikikupa advansi, halafu ukanyamaza tena, nitakupata wapi?"

Kawaida yetu ni asilimia 60 kabla ya kuanza. Ningeweza kuapa. Ningeweza kusema haitajirudia. Lakini neno langu ndilo lililokuwa limeharibika, na huwezi kununua kwa noti iliyochanika. Kilichobaki ni kubadilisha mpango ili nikinyamaza tena, anayeumia niwe mimi. Tukakubaliana hivi: bodi 9 na bawaba atanunua mwenyewe dukani kwa orodha nitakayompa, risiti ziwe za jina lake. Hela ya ufundi tukaigawa mafungu matatu, la kwanza masanduku yakishasimama karakanani na akayaona kwa picha au kwa macho, la pili siku ya kufunga, la tatu baada ya wiki ya kuyatumia. Mfuko wangu uliumia, kwa sababu vijana wangu wawili nilianza kuwalipa kabla sijapokea kitu. Sina mteja mwingine ninayefanya naye hivyo. Ila nilikuwa nimetumia imani yake siku 24, na ilibidi nirudishe kwa kitu anachoweza kukishika.

Tukakubaliana pia kwamba kila Ijumaa kabla ya saa 12 jioni nitamwandikia, hata kama sina jipya. Hili la "hata kama sina jipya" ndilo lililonigharimu kujifunza, kwa sababu ndilo lililonifunga mwanzoni: nilikuwa nangoja kuwa na kitu kamili cha kusema. Ijumaa ya kwanza nilimtumia picha ya bodi zilizokatwa na vipimo vimeandikwa kwa penseli. Ijumaa ya pili masanduku yalikuwa yamesimama, na fungu la kwanza likaingia jioni ile ile.

Ijumaa ya tatu hapakuwa na kitu. Mkata granaiti alikuwa amekwama na mimi nilikuwa namngoja. Nilikaa na simu kidogo, nikihisi kabisa ule mkono wa zamani unanivuta niseme ngoja hadi Jumatatu nitakapokuwa na habari nzuri. Nikaandika: "Mama, wiki hii granaiti haijakatwa. Fundi wake ameniambia Jumatano. Jumatano jioni nitakuambia imefika au haijafika."

Dakika chache baadaye tiki zikageuka buluu, naye akaandika: "Sawa fundi. Hivi vishikio vya milango, vyeusi vitapendeza au nibaki na vya fedha?"